Jumatatu, Alhamisi, Jumapili: kujua lini dozi ya kuruka siku inaisha

Naandika haya kwa wanawake ambao fangasi wa ukeni wamewasumbua mpaka wakapewa flukonazoli ya muda mrefu, ile inayomezwa kwa kuruka siku. Mambo ya usafi na nguo za pamba sitayagusa, yameandikwa vya kutosha. Nitasema kuhusu tarehe: kidonge cha kwanza kinahesabiwaje, cha mwisho kinaangukia siku gani, na kwa nini daktari atakuuliza tarehe hiyo hata ukidhani umepona.

Kabla sijapewa dozi hiyo nilikuwa nikitibiwa kama wengi wetu. Muwasho ukianza, nakwenda duka la dawa, napewa kapsuli moja ya miligramu 150, nameza, nafuu inakuja. Baada ya muda mambo yanarudi palepale. Aibu inakufanya usiseme kwa sauti dukani, basi unaonyesha kiboksi cha zamani na muuzaji anakupa kingine. Hakuna anayekuuliza umekunywa mara ngapi mwaka huu. Daktari wa kwanza kuniuliza hivyo aliniambia kwamba yakitokea mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, huo ni ugonjwa unaojirudia na kapsuli mojamoja hazitautosha. Akanipima sukari, akachukua sampuli kwa ajili ya maabara, akauliza kama nina mimba au nategemea kupata, maana flukonazoli ya kumeza haifai kwa mjamzito, na kama natumia dawa nyingine yoyote, hasa ya kuyeyusha damu kama warfarini. Halafu akaandika dozi ya awamu mbili. Awamu ya kwanza kapsuli tatu, moja kila baada ya saa 72. Awamu ya pili kapsuli moja kila wiki kwa miezi sita.

Cheti kiliandikwa Ijumaa, tarehe 3 Januari 2025. Mimi nilianza kumeza Jumatatu usiku, tarehe 6, baada ya majibu kutoka. Shikilieni hizo tarehe mbili, tutazirudia.

Dukani ule mwandiko wa daktari ulihamia kwenye bahasha ndogo ya kaki, na katika kuhama ukabadilika. Bahasha ilisema: "1 x 1 kila baada ya siku 3". Unaweza kudhani ni kitu kilekile. Nyumbani tulikuwa watu watatu tukiisoma bahasha hiyo moja, na kila mmoja akaja na siku zake.

Mume wangu alisema "baada ya siku tatu" maana yake siku tatu zipite kwanza bila dawa. Nimemeza Jumatatu, basi Jumanne, Jumatano na Alhamisi ni za kupumzika, nimeze Ijumaa, kisha Jumanne ya wiki inayofuata. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwa vidole, Jumatatu moja, Jumanne mbili, Jumatano tatu, kwa hiyo Jumatano ndiyo siku ya tatu na nimeze siku hiyo, halafu Ijumaa. Mama mkwe, mzaliwa wa Pangani, alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Mwanangu, leo si umemeza? Haya. Kesho, keshokutwa, mtondo. Mtondo ndiyo siku yako." Mtondo wa Jumatatu ni Alhamisi.

Tazama tofauti yake. Kwa hesabu ya mume wangu kapsuli tatu zinachukua siku ya kwanza, ya tano na ya tisa. Kwa vidole vyangu ni siku ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kwa mama ni siku ya kwanza, ya nne na ya saba. Wote tumesoma maneno yaleyale, na hakuna kati yetu asiyejua Kiswahili.

Asubuhi nilimpigia daktari. Akasema saa 72 ni saa 72: ukimeza Jumatatu saa tatu usiku, saa hiyohiyo Jumanne zimetimia 24, Jumatano 48, Alhamisi 72. Mama mkwe alikuwa amepatia. Nikamuuliza kwa nini isiwe kila siku tu, tukaondokana na mahesabu. Akaeleza kwamba flukonazoli hukaa mwilini muda mrefu kuliko dawa nyingi tulizozoea. Kwa mtu mzima ambaye figo zake ni nzima, inachukua kama saa 30 ili nusu ya kilichoingia itoke. Baada ya saa 72 bado kuna karibu moja ya tano ya kapsuli ya kwanza, na hapo ya pili inaingia. Kuchelewa siku moja si janga, alisema, ila yeye akitaka kujua kama dawa imefanya kazi lazima ajue kwanza kama imemezwa jinsi alivyoipanga.

Tangu siku hiyo, nikipewa dawa ya kuruka siku, swali langu dukani ni moja: "Nikimeza leo, kinachofuata nimeze siku gani?" Namtaka anitajie jina la siku, Alhamisi au Ijumaa, na ninaliandika kwenye bahasha mbele yake. Muuzaji anayejua atajibu papo hapo. Asiyejua atarudia "kila baada ya siku tatu", na hapo unajua inabidi umtafute mfamasia au umpigie aliyeandika.

Njia ya mama mkwe ina faida nyingine ambayo niliiona baadaye. Yeye hahesabu siku, anahesabu usiku wa kulala. Toka Jumatatu mpaka mtondo unalala mara tatu. Ukihesabu siku, kila mara unabaki na swali kama ya leo imo au haimo. Ukihesabu mara za kulala, swali hilo halipo, kwa sababu leo hujalala bado.

Basi awamu ya kwanza: Jumatatu tarehe 6, Alhamisi tarehe 9, Jumapili tarehe 12 Januari. Hapa ndipo wengi hukosea tarehe ya mwisho. Kapsuli tatu, kila moja siku tatu, tatu mara tatu ni tisa, kwa hiyo wanaongeza tisa kwenye tarehe 6 na kupata tarehe 15. Halafu tarehe 12 ikifika na kiboksi kitupu, wanadhani wamepunjwa kapsuli moja au wamemeza haraka mno. Hawakupunjwa. Kapsuli tatu zina mapengo mawili tu kati yake. Ya kwanza haikusubiri chochote, ilimezwa siku ya kuanza. Kwa hiyo unatoa moja kwanza: kapsuli tatu toa moja ni mbili, mbili mara siku tatu ni sita, tarehe 6 jumlisha 6 ni tarehe 12.

Kanuni ni hiyohiyo hata dawa ikiwa ya siku mbilimbili au ya wiki. Idadi ya vidonge toa moja, zidisha kwa siku za mruko, yaani mara unazolala toka kidonge kimoja hadi kinachofuata, jumlisha kwenye tarehe ya kidonge cha kwanza. Anayetumia jedwali la kompyuta au la simu aweke tarehe ya kuanza kwenye A1, idadi ya vidonge kwenye B1 na mruko kwenye C1, kisha aandike:

```
=A1+(B1-1)*C1
```

Ukiona namba ngeni badala ya tarehe, badilisha muundo wa kisanduku uwe wa tarehe. Kwenye kalenda ya simu weka ukumbusho wa kujirudia kila siku 3, na kwenye kumalizika chagua idadi ya mara, si tarehe. Tukio la kwanza nalo linahesabiwa kuwa moja, kwa hiyo andika 3 kamili, usiandike 2.

Awamu ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi, maana kosa dogo hapo linakula wiki nzima. Swali la kwanza lilikuwa awamu hiyo inaanza lini. Muuzaji alisema kesho yake baada ya kumaliza zile tatu. Daktari alikuwa amekusudia wiki moja baada ya kapsuli ya tatu, yaani Jumapili tarehe 19 Januari. Hili msilikisie. Wakati daktari bado ameshika kalamu, mwombeni aandike tarehe ya kuanza kila awamu, kwa sababu tarehe ya mwisho yote inaning'inia hapo.

Swali la pili ni miezi sita ni kapsuli ngapi. Muuzaji alipiga hesabu haraka: mwezi una wiki nne, nne mara sita ni 24, akanihesabia viboksi 24. Ni hesabu ambayo kila mtu anaipiga, na ina upungufu. Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari ya siku 28 peke yake, mingine yote inazidi kwa siku moja hadi tatu. Ukizikusanya kwa nusu mwaka unapata wiki mbili za ziada. Nusu mwaka ni wiki 26. Nikachukua kanuni ileile nikaipitisha kwa namba zote mbili. Kwa kapsuli 24, mapengo ni 23, mara 7 ni siku 161, na kutoka 19 Januari 2025 unafika Jumapili tarehe 29 Juni. Kwa kapsuli 26, mapengo ni 25, mara 7 ni siku 175, unafika Jumapili tarehe 13 Julai. Nikaangalia pia kwa njia ya miezi: 19 Januari mpaka 19 Julai ni miezi sita, na Jumapili ya mwisho kabla ya 19 Julai ni tarehe 13. Njia mbili zilipokutana nikatulia. Nikampigia daktari, akathibitisha 26, nikarudi kununua viboksi viwili. Gharama zake nazo zinauma, niseme ukweli. Kapsuli moja haikutishi, lakini kulipia za miezi sita kwa mkupuo kulinifanya niahirishe mambo mengine. Anayeshindwa anunue za mwezi mmoja mmoja, ila azihesabu kwa Jumapili zilizomo ndani ya mwezi huo, kwa kuwa kuna miezi yenye tano. Machi ya 2025 ilikuwa na Jumapili tano, na ukinunua nne unakwama wiki ya mwisho.

Viboksi vyangu vilikuwa vya kapsuli mojamoja. Nilivipanga ndani ya kopo la biskuti, nikachukua kalamu ya wino mzito na kuandika tarehe juu ya kila kimoja, kuanzia 19/1 mpaka 13/7. Jambo hili lilikuwa na manufaa kuliko ukumbusho wa simu, kwa sababu simu inakuambia ni wakati wa kumeza lakini haikuambii kama ulimeza. Kiboksi chenye tarehe ya jana kikiwa bado kimo koponi, jibu unalo mkononi.

Kuandika tarehe kuna mtego mmoja kwetu sisi wa pwani. Nilikuwa nameza saa tatu usiku. Kwa mama mkwe, jua likizama siku imegeuka, na Jumapili saa tatu usiku yeye anaiita usiku wa Jumatatu. Siku moja aliniuliza kwa nini nimeandika Jumapili wakati nameza usiku wa Jumatatu, na alikuwa sawa kwa kalenda yake. Hospitali wanatumia ile ya saa sita usiku. Mkisaidiwa dawa na wazee nyumbani, andikeni tarehe kwa namba na kuacha maneno "usiku wa" kabisa, vinginevyo mtu anaweza kukupa kidonge usiku mmoja kabla ya wakati. Kumeza usiku kulinifaa pia Ramadhani iliponikuta mwezi Machi, sikulazimika kubadilisha chochote.

Aprili nilisafiri kwenda harusini na kopo likabaki nyumbani. Kiboksi cha 13/4 kilimezwa Jumanne tarehe 15. Daktari alikuwa ameshaniambia cha kufanya ikitokea: meza unapokumbuka, usimeze mbili kwa pamoja, na Jumapili inayofuata urudi kwenye ratiba yako. Kwa kuwa kapsuli ya siku hiyo ilimezwa ndani ya wiki yake, tarehe ya mwisho haikusogea. Ingekuwa nimeruka wiki nzima, kapsuli moja ingebaki na mwisho ungesogea Jumapili moja mbele, kama daktari angetaka zikamilike zote. Nilifanya ukaguzi mfupi ambao naupendekeza kwa yeyote aliye katikati ya dozi. Hesabu vilivyobaki, zidisha kwa saba, jumlisha kwenye tarehe ya ratiba ya kidonge ulichomeza mwisho. Nilikuwa nimebakiwa na 13. Mara saba ni 91, na kutoka 13 Aprili siku 91 zinaangukia 13 Julai. Hapa hutoi moja, kwa sababu unahesabu kutoka kwenye kidonge kilichokwisha kumezwa, na kila kilichobaki kina pengo lake. Wengi wakishajifunza kutoa moja huitoa kila mahali, na hapo wanaharibu upya.

Tarehe ya kurudi kliniki nayo ilikuwa na kasoro yake. Kadi iliandikwa nirudi tarehe 3 Julai, yaani miezi sita tangu cheti kiandikwe, si tangu awamu ya pili kuanza. Siku hiyo ningekuwa nimebakiwa na kapsuli mbili. Niliomba isogezwe mpaka baada ya kumaliza, wakakubali bila shida.

Lakini nilikwenda mapema kuliko tulivyopanga, kwa sababu Jumanne tarehe 8 Julai muwasho ulirudi. Mnajua moyo unavyoanguka. Swali la kwanza la daktari halikuwa unawasha kiasi gani. Aliuliza, "Ulikuwa bado kwenye dawa, au ulikuwa umemaliza?" Nikamwambia kapsuli ya mwisho nimemeza tarehe 6, kesho kutwa yake ndiyo siku niliyoanza kuwashwa, na imebaki moja ya tarehe 13.

Akanieleza kwa nini anauliza. Dalili zikirudi baada ya dawa kwisha, ni jambo linalotokea kwa wanawake wengi wenye fangasi wa kujirudia, na mara nyingi ni fangasi yuleyule ambaye dawa ilikuwa imemzuia tu. Huyo dawa ileile inaweza kumtuliza tena. Dalili zikija mtu akiwa bado anameza kwa ratiba, maana yake ni nyingine: ama ni aina ya fangasi isiyosikia flukonazoli vizuri, ama si fangasi kabisa. Huyo haongezewi kapsuli, anachukuliwa sampuli na kuoteshwa maabara. Ningefuata zile 24 za dukani, dozi yangu ingekuwa imekwisha 29 Juni, na tarehe 8 Julai ningehesabiwa kwenye kundi la kwanza. Dalili hizohizo, mwili huohuo, matibabu tofauti.

Sampuli ilichukuliwa. Maabara hawakuotesha fangasi yeyote. Tukaanza kurudi nyuma mimi na daktari, nimebadilisha nini, nikakumbuka sabuni mpya ya kufulia yenye harufu kali. Nikaiacha, muwasho ukaisha, na kapsuli ya 13/7 nikaimeza siku yake.

Limebaki jambo moja ambalo hata mimi nililiuliza mwishoni: dawa "imeisha" lini hasa? Kapsuli ya mwisho ilimezwa 13 Julai, lakini kila kapsuli ya wiki imewekwa ili ishike mpaka inayofuata, kwa hiyo wiki yake ya mwisho ilikwenda hadi Jumamosi tarehe 19. Ukiulizwa umemeza mwisho lini, jibu ni tarehe 13. Ukijiuliza mwenyewe ni lini uanze kuangalia kama yanarudi bila dawa, anza tarehe 20. Mimi niliziandika zote mbili nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na 6 Januari na 19 Januari, na karani wa mapokezi alizinakili kwenye faili bila kuniuliza neno.